Geuza idadi ya simu kuwa dakika

Unapopima wasifu wa mhudumu wa wateja dhidi ya tangazo la kazi, geuza kwanza idadi ya simu kuwa dakika. Juzi nilipitia wasifu uliotaja simu 80 kwa siku, asilimia 90 zikitatuliwa bila mteja kupiga tena, ilhali tangazo la msaada wa kiufundi lilitaka simu 45 na asilimia 75 tu. Zamu ya saa 8, ukitoa saa moja ya mapumziko, hubakiza dakika 420, yaani dakika 5 na ushei kwa kila simu kati ya hizo 80, kuandika kumbukumbu kukiwemo. Simu 45 huacha dakika 9 na ushei kwa kila simu. Yaelekea mwombaji alijibu maswali mepesi, kama vile salio au mzigo umefika wapi, ambayo mengi huisha papo hapo, kwa hiyo ile asilimia 90 haithibitishi lolote kuhusu hitilafu za mitambo. Hesabu hii hukwama kwenye gumzo la maandishi, ambako mhudumu hushughulikia wateja wawili au watatu kwa pamoja, na pia pale wasifu unapojumlisha simu, barua pepe na gumzo katika tarakimu moja. Hapo mwombe mwombaji atenganishe kila njia.