Jinsi ya kuomba likizo ya siku za kazi bila sikukuu kuliwa

Kabla hujajaza fomu, tazama mkataba wako unahesabu nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zimo ndani yake. Kwa hesabu hiyo huna cha kudai. Haya yanawahusu wenye mikataba inayohesabu siku za kazi, kama sisi hapa Chumbageni, Tanga, ambako fomu hujazwa kwenye Ekseli na idadi ya siku hujitokeza yenyewe.

Dada mmoja wa masjala aliomba kuanzia Jumatano tarehe 1 hadi Ijumaa tarehe 10 Aprili 2026, aende kwao Lushoto. Fomu ikaandika siku 8. Akahesabu kwa vidole: Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Siku ya Karume tarehe 7. Zikitoka hizo, zinabaki 5.

Bofya seli ya jumla uone fomula. Yake ilikuwa hivi:

```
=NETWORKDAYS(B2,C2)
```

Hiyo inaruka Jumamosi na Jumapili tu. Sikukuu haizijui mpaka uipe orodha. Basi fungua shiti mpya, uiite Sikukuu, andika tarehe kuanzia A2, kisha urekebishe:

```
=NETWORKDAYS(B2,C2,Sikukuu!$A$2:$A$20)
```

Alama za dola usiziache, la sivyo ukiivuta fomula chini orodha nayo inateremka na sikukuu za juu zinapotea.

Alipofanya hivyo, jibu likabaki 8! Kompyuta yake ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Aliandika 3/4/2026, ikasomeka 4 Machi. 7/4/2026 ikawa 4 Julai. Angeongeza Muungano, 26/4/2026, ingebaki maandishi matupu, kwa kuwa mwezi wa 26 haupo. Maandishi hayo huweza kurukwa kimyakimya au kuleta `#VALUE!`, na afadhali hilo la pili, maana linaonekana.

Pima kila tarehe pembeni yake:

```
=ISNUMBER(A2)
=TEXT(A2,"dd mmmm yyyy")
```

`FALSE` maana yake ni maandishi. Lakini `TRUE` peke yake isikulaze. Soma jina la mwezi kwenye mstari wa pili. Kubadilisha mwonekano wa seli hakugeuzi maandishi kuwa tarehe. Dawa ni kuiandika upya isiyo na utata:

```
=DATE(2026,4,7)
```

Akaandika zote tatu hivyo, jumla ikaja 5. Chapisha fomu pamoja na orodha, mpelekee mkuu wako asaini.

Ofisi yenu ikifanya kazi Jumamosi, tumia `NETWORKDAYS.INTL` na namba 11 baada ya tarehe ya mwisho, ili Jumapili pekee iwe mapumziko. Na Idd hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo seli yake irekebishe siku ikishatangazwa, kisha utazame jumla tena.