Kata kwanza, ndipo unyooshe

Kitabu kikiwa kimeskaniwa kurasa mbili kwa picha moja, usianze kwa kunyoosha picha nzima. Mara nyingi ukurasa wa kushoto na wa kulia huinama kwa viwango tofauti, hivyo ukiunyoosha mmoja, mwingine hubaki umepinda. Toa picha kwenye PDF:

```
pdftoppm -r 300 -tiff kitabu.pdf uk
```

Zifungue kwa programu ya ScanTailor Advanced. Kwenye Split Pages chagua mpangilio wa kurasa mbili kwa picha zote, kisha pitia vijipicha vya pembeni. Mstari wa kukata ukila herufi, uburute hadi kwenye mkunjo wa kitabu. Sasa endesha Deskew, ambayo hupima kila ukurasa peke yake, halafu Select Content. Hapa kuwa makini sana: nambari ya ukurasa iliyo peke yake chini huachwa nje kwa urahisi, nawe utapanua kisanduku kwa mkono.

Deskew huzungusha tu. Mistari iliyojikunja karibu na mkunjo haitanyooka. Ni afadhali kuskani tena kitabu kikiwa kimekandamizwa vizuri. Ramani iliyotanda kurasa zote mbili ipe mpangilio wa ukurasa mmoja, isikatwe.