Kijana amechoka na shule: Wiki sita za kutafuta anachokiweza

Somo hili ni la mzazi mwenye kijana wa kidato cha pili hadi cha nne anayeamka asubuhi kama anapelekwa mahabusu. Nilifundisha fizikia sekondari kabla ya kuhamia ufundi, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za ukuta huo. Mfano nitakaoutumia ni wa mpwa wangu. Alikuwa kidato cha tatu, na mama yake ana duka dogo lenye friza ya soda na samaki.

Hatua ya 1: Jua anachukia nini hasa

Usianze na kazi. Chukua ukurasa mmoja wa kitabu chake cha baiolojia, tuseme ule wa usagaji wa chakula, umweleze kwa Kiswahili kama unavyopiga hadithi. Mwache akae dakika kumi, kisha yeye ndiye akueleze. Halafu mpe ukurasa uleule kwa Kiingereza aufafanue.

Vijana wengi wa kwetu walisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Akieleza vizuri kwa Kiswahili halafu akakwama kwa Kiingereza, hajachukia baiolojia. Amechoka kukaa darasani akionekana mjinga. Huyo anahitaji maneno ya somo, kumi kwa wiki, yakiandikwa pamoja na maana zake, kabla hujaanza kumtafutia fundi. Angalia pia kama anasogeza kitabu puani, maana wengine shida yao ni macho tu. Na kama utoro wake unaangukia siku zilezile kila wiki, fungua ratiba uone siku hizo kuna kipindi cha nani.

Mpwa wangu alinieleza saketi ya umeme kwa Kiswahili mpaka nikacheka, lakini kwa Kiingereza alikariri sentensi moja akaishia hapo. Tulimsaidia maneno. Alama zilipanda kidogo, ila hamu ya kukaa darasani haikuja. Hapo ndipo tukaendelea na hatua ya pili.

Hatua ya 2: Daftari la wiki mbili

Kila jioni mzazi aandike mistari miwili: leo amefanya nini bila kutumwa, na kwa muda gani. Usimwambie, na usiandike sifa kama "mvivu" au "mbunifu". Andika kitendo.

Dada yangu alitegemea daftari lijae simu na mpira, na kweli vilikuwemo. Lakini siku ya nne aliandika hivi: "Amekata karatasi ya daftari, ameibana kwenye mlango wa friza, akaivuta. Amezunguka mlango mzima hivyo hivyo." Friza ilikuwa ikigandisha barafu nene na umeme ukiisha haraka. Palipokuwa na karatasi inayochomoka kirahisi, mpira wa mlango ulikuwa umelegea. Kesho yake aliulainisha kwa maji ya moto ukarudi kukaa sawa. Hakuna aliyemtuma.

Hatua ya 3: Soma vitenzi

Pigia mstari vitenzi vya daftari. Kwake vilikuwa kupima, kufungua, kutafuta hitilafu, kurudia jaribio. Havikuwemo kuuza, kushawishi wala kupanga bidhaa, ingawa baba yake alikuwa ameshaamua kwamba "huyu ni mfanyabiashara" kwa sababu anashinda dukani. Mahali anaposhinda mtoto na kazi anayoifanya hapo ni vitu viwili.

Kutoka kwenye vitenzi, andikeni pamoja kazi tatu tu. Zetu zilikuwa umeme wa majumbani, majokofu na viyoyozi, na ufundi wa mizani.

Hatua ya 4: Jumamosi nne kwa fundi

Hapa usiharakishe. Ongea na fundi mapema: kijana hatagusa kitu chenye umeme, hatalipwa, na atakula chakula cha mchana alichobeba kwao. Jumamosi ya kwanza haina maana, kila kitu kinapendeza. Ya tatu ndiyo kipimo, kwa sababu mgeni ameshakuwa mtumwa wa kufagia na kusubiri wateja.

Jioni usimuulize "umependa?" Muulize "leo kitu gani kilikuwa kimeharibika, na fundi alijuaje?" Anayefaa atakueleza zaidi ya ulivyouliza. Fundi naye muulize kama kijana anarudisha spana mahali pake na kama anauliza maswali baada ya kazi.

Kwenye umeme wa majumbani mpwa wangu alishindwa Jumamosi ya pili. Hakutaka kupanda darini, na kuchimba kuta kulimchosha. Dada alikata tamaa, lakini mimi nilifurahi: kosa hilo lilitugharimu nauli tu. Kwa fundi majokofu alimaliza zote nne na akaenda ya tano.

Hatua ya 5: Rudi kwenye vyeti, hesabu D

Hapa wazazi wengi hukosea kwa kumtoa shule. Asitoke. Libadilishe lengo.

Divisheni ya nne ni pointi 26 hadi 33 kwa masomo saba bora, D ikiwa 4 na F ikiwa 5. Mwenye D nne na F tatu ana pointi 31. Mwenye D mbili na F tano ana 33. Wote ni divisheni ya nne, lakini ngazi ya cheti katika vyuo vya kati kwa kawaida hudai ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini. Wa kwanza anaingia, wa pili anabaki nje. Kozi nyingine huangalia na masomo yenyewe, kama baiolojia na kemia kwa za afya.

Kwa hiyo tulichagua masomo matano ya kutafutia D nne, fizikia na hisabati zikiwemo, mengine akae tu darasani. Kijana alipojua anatakiwa afike wapi, ugomvi wa asubuhi ulipungua. Haukuisha.

Maswali ya wanachama

Mama wa watatu, Tabora: Wangu alipata ziro mwaka jana. Ndiyo basi?

Hapana, dada. Kozi kadhaa za VETA hazidai ufaulu wa kidato cha nne, unaanza ngazi ya 1 hadi ya 3. Soma sifa za kozi moja moja, hazifanani. Pia anaweza kurudia masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akijifunza kazi. Kama hakuna VETA karibu, ulizia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Baba Mwajuma: Mwalimu, wangu yuko gereji tangu 2021, kazi anaijua, cheti hana. Aanze upya?

Hapana, mzee wangu. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti. Pale panapoonekana pengo atajazia hapo tu.

Mjumbe, Mbagala: Wangu anataka muziki tu. Nimkataze?

Daftari kwanza, kaka. Je, anafanya mazoezi hata kama hakuna wa kumsikiliza? Na anaposikia wimbo anaongelea sauti ya mwimbaji, au anasema spika imetegwa vibaya? Wa pili huyo mpeleke kwa fundi mitambo ya harusi Jumamosi nne.

Shangazi, Tanga: Binti yetu anapenda majokofu, ila babu yake anasema si kazi ya kike.

Shikamoo kwa babu. Mwombe akae naye siku friza ya nyumbani ikisumbua, na karatasi ya kubana mlangoni aishike babu mwenyewe.