Kuandaa fleti tupu ya Moshi ili iuzike: kitanda kimoja, mapazia na selotepu ya karatasi

Anayenunua fleti kwa mara ya kwanza mara nyingi anatoka nyumba ya kupanga, na tayari ana kitanda, friji na makochi. Akiingia kwenye chumba kitupu anakosa cha kulinganishia. Anasimama katikati, anageuka mara moja, kisha anamwambia dalali, "Chumba kidogo." Pengine si kidogo hata kidogo. Kazi ya kuandaa fleti ni kumjibu swali moja analokuja nalo: vitu vyangu vitaenea?

Mfano wetu ni fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya chini, maeneo ya Rau. Sebule ni mita 4 kwa 3.6, chumba kikubwa mita 3 kwa 3. Jiwekee kikomo cha matumizi kabla hujaenda dukani, mathalani shilingi 400,000, maana sehemu kubwa italiwa na rangi na ufundi wake.

Hatua ya 1: Ondoa harufu na kagua unyevu

Fleti iliyofungwa kwa wiki kadhaa hunuka choo hata kama ni safi. Sababu ni kwamba ile kona ya bomba iliyojipinda chini ya sinki, na ile iliyo chini ya tundu la sakafu bafuni, hukaa na maji yanayozuia hewa ya shimo isipande. Maji yakikauka, harufu inapita. Siku mbili kabla ya wageni, mimina lita moja ya maji kila tundu, kisha flashi choo. Kwenye tundu la sakafu ongeza kijiko cha mafuta ya kula juu ya maji ili yasikauke haraka. Usipulizie manukato, kwa sababu mnunuzi makini akisikia manukato makali huanza kutafuta kinachofichwa.

Halafu angalia kuta kwa chini. Ukiona unga mweupe wa chumvi au rangi iliyovimba, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ziba pande zote nne kwa selotepu, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, tatizo ni hewa ya chumba, na kufungua madirisha kila siku kutasaidia. Ukuta wenye unyevu usiupake rangi kabla ya kuziba chanzo, ambacho mara nyingi ni bomba linalovuja au maji ya mvua yanayosimama kando ya msingi. Rangi itavimba tena, huenda mnunuzi akiwa bado anasubiri mkopo, na hapo umepoteza mauzo na jina.

Hatua ya 2: Rangi, kwa sebule tu ikibidi

Hesabu yake ni hii. Mzunguko wa sebule ni mita 15.2; zidisha kwa urefu wa ukuta wa mita 2.7, unapata mita za mraba 41. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 36. Mikono miwili ni 72. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galoni mbili za lita 4 zinatosha. Chagua nyeupe iliyoelekea maziwa. Nyeupe kali huonyesha kila vumbi jekundu linaloingia na viatu. Rangi ikikauka, mwangaza wa jioni unaoingia kwa ubavu ndio utakaokuonyesha palipoachwa michirizi.

Taa zote za chumba kimoja ziwe za aina moja. LED za wati 9 zinafaa, na kwenye boksi soma namba: 3000K ni ya njano tulivu, 6500K ni nyeupe ya buluu inayofanya sebule ifanane na duka la dawa.

Hatua ya 3: Kitanda kimoja cha kweli

Hapa usibane. Nenda kwa fundi seremala mwenye vitanda vilivyokamilika vinavyosubiri wateja, umwombe akuazime cha tano kwa sita kwa mwezi mmoja, nawe uache bei na namba yake ya simu chumbani. Yeye anapata pa kuonyeshea kazi yake, wewe unalipa usafiri tu na uharibifu ukitokea. Godoro si lazima liwe jipya; shuka jeupe lililopigwa pasi linafunika. Mashuka na mapazia mazuri ya mtumba yanapatikana soko la Memorial ukiwahi asubuhi.

Fremu ya kitanda hicho huwa na upana wa karibu sentimita 162 na urefu wa 195. Ukikiweka katikati ya ukuta, kila upande unabaki na sentimita 69, nafasi ya mtu kupita bila kujibana. Lakini miguuni zinabaki sentimita 105. Kabati la kina cha sentimita 60 likikaa pale, zinabaki 45, na milango yake haifunguki vizuri. Sogeza kitanda kiguse ukuta wa pembeni na kabati likae ukuta wa pili: kati yao kuna sentimita 78, milango inafunguka. Hasara yake ni kwamba mmoja wa wenza atamruka mwenzake usiku. Waambie wanunuzi hivyo hivyo, wachague wenyewe.

Usiweke kitanda cha nne kwa sita ili chumba kionekane kikubwa. Wengine huja na tepu ya kupimia, na akigundua hilo moja, hataamini hata maelezo yako ya hati.

Hatua ya 4: Chora vingine sakafuni

Kabati, friji na makochi hayahitaji kuwepo. Yachore kwa selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Kochi la watu watatu ni kama mita 2 kwa sentimita 90. Acha sentimita 45 kati yake na meza, na njia ya sentimita 80 kuelekea mlangoni. Friji ichore karibu na soketi yake jikoni, sentimita 70 kwa 70. Andika jina ndani ya kila mchoro kwa kalamu nene, juu ya kipande cha selotepu. Watu husimama ndani ya michoro hiyo na kuanza kubishana TV ikae wapi. Ibandue kabla ya wiki mbili, la sivyo gundi inabaki kwenye vigae.

Fimbo ya pazia ifungwe sentimita 15 juu ya dirisha na izidi sentimita 20 kila upande. Dirisha la sentimita 150 linataka fimbo ya 190 na kitambaa cha upana wa 380, kiguse sakafu. Pazia linaloishia nusu ya ukuta hushusha dari. Mmea mmoja kwenye chungu unatosha, ila usiwe sale: kwa Wachaga lina maana zake, kuomba msamaha na kuweka mpaka.

Hatua ya 5: Picha na siku ya kuonyesha

Piga picha ukiwa kwenye kona, simu usawa wa kifua, bila ile lenzi ya 0.5 inayovuta kuta. Kama dirisha linatazama kaskazini, alika watu Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima.

Hakikisha LUKU ina uniti, washa taa zote, na ufungue kila koki kwa dakika tano kabla hawajafika. Maji yaliyolala bombani hutoka na kutu, na koki ya jikoni ndiyo ya kwanza watakayoigusa.