Umepoteza kazi? Akiba yako igawe kwa miezi minne, si mitatu

Hata ukipata kazi mwezi wa tatu, mshahara wa kwanza mara nyingi huja mwishoni mwa mwezi wa nne. Ndiyo maana nashauri hesabu ifike mwezi wa nne.

Tuseme una 1,700, kwa sarafu yoyote. Kodi ya nyumba, rejesho la mkopo na bili zisizokwepeka ni 200 kwa mwezi, yaani 800 kwa miezi minne. Hizo zihamishie akaunti nyingine leo hii. Zinabaki 900. Miezi minne ni zaidi kidogo ya wiki 17, kwa hiyo zigawe kwa wiki 18, upate 50 kwa wiki. Jilipe hiyo 50 kila Jumatatu, kama mshahara. Kwa wiki ni rahisi kuliko kwa mwezi, maana ukizidisha unagundua ndani ya siku chache.

Kabla ya kubana chakula, fungua taarifa ya benki usitishe makato yanayojirudia yenyewe. Hayo hula kimyakimya.

Pesa ikiisha kabla ya Ijumaa wiki mbili mfululizo, tatizo huenda ni kodi au mkopo unaokula sehemu kubwa mno ya akiba, hivyo cha wiki hakitoshi. Zungumza na mwenye nyumba au mkopeshaji kabla hujachelewesha malipo. Ukishachelewa, unaomba huku unadaiwa.