SOMO: Hasara ya lori mwaka 2023, faida mwaka 2024. Unaruhusiwa kukata kiasi gani?

Somo hili ni la wenzetu walioko Marekani wanaoendesha malori yao wenyewe na kujaza Schedule C. Wengi wanadhani hasara ya mwaka jana inafuta kodi yote ya mwaka huu. Haifuti, na ni bora ujue mapema kabla ya kutumia pesa ambayo bado ni ya IRS.

Tumchukue dereva asiye na ndoa. Mwaka 2023 aliingiza dola 95,000, lakini mafuta, bima, matengenezo na uchakavu wa lori vilifika 135,000. Hasara ni 40,000. Benki nayo ilimpa riba ya dola 300.

Hatua ya 1: Pata hasara halisi ya kuhamisha kwenda mwaka unaofuata.
Usichukue namba hasi inayobaki baada ya kutoa kila kitu kwenye Fomu 1040. Punguzo la kawaida la 2023 kwa asiye na ndoa ni 13,850. Ukilitoa lote unapata hasi 53,550, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Punguzo hilo si gharama ya biashara, kwa hiyo linaruhusiwa kumeza ile riba ya 300 tu. Linalozidi halihami. Hasara inayohama ni 40,000. Kwa mwaka 2023 hesabu hii inafanywa kwenye Schedule A ya Fomu 1045. Kuanzia mwaka wa kodi 2024 kuna Fomu 172.

Hatua ya 2: Tafuta mapato ya kodi ya 2024 kabla ya kugusa hasara.
Mwaka 2024 lori limelipa: faida 52,000. Anza na kodi ya kujiajiri. Chukua asilimia 92.35 ya faida, kisha asilimia 15.3 ya hiyo, unapata 7,347. Nusu yake, 3,674, inatolewa kwenye mapato, yanabaki 48,326. Toa punguzo la kawaida la 2024, ambalo ni 14,600. Yanabaki 33,726. Lile punguzo la asilimia 20 la mapato ya biashara usilitoe hapa. Lina hesabu yake na linakuja baadaye.

Hatua ya 3: Weka kikomo.
Hasara iliyotokea baada ya 2017 inakata mwisho asilimia 80 ya mapato hayo:

```
33,726 x 0.80 = 26,981
40,000 - 26,981 = 13,019
33,726 - 26,981 = 6,745
```

Andika 26,981 kama namba hasi kwenye Schedule 1, mstari 8a, na uambatanishe karatasi inayoonyesha ulivyoipata. Ile 13,019 inakwenda 2025 na kuendelea, bila ukomo wa miaka.

Hatua ya 4: Tenga pesa ya kodi ya kujiajiri.
Kodi ya mapato ya dereva wetu sasa ni ndogo sana. Lakini 7,347 bado anadaiwa yote, kwa sababu hasara ya mwaka uliopita haipunguzi kodi ya kujiajiri hata senti moja. Naona watu wakishtushwa na barua ya deni kwa jambo hili kuliko jingine lolote kwenye somo hili.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mwaka huu faida yangu ni ndogo. Naweza kuiweka hasara nisiitumie hadi mwaka wa faida kubwa?*
Hapana, kaka. Lazima itumike mwaka wa kwanza wenye mapato. Usipoiandika, kile kiasi ambacho kingekatwa kinahesabika kimetumika, na hukihamishi tena.

*Mke wangu ni nesi ameajiriwa, tunajaza pamoja. Hasara yangu ya 40,000 inahama yote?*
Hasara inakata kwanza mshahara wake wa mwaka uleule. Kama alilipwa 60,000, imeshamezwa yote na hakuna cha kuhamisha. Kinachohama ni kile kilichozidi mapato yenu.

*Nimesajili kampuni mwaka huu, inajaza Fomu 1120. Hasara ya zamani niiweke kwenye kampuni?*
Usifanye hivyo, dada. Hasara ulipata wewe, si kampuni, inabaki kwenye Fomu 1040 yako. Kampuni ikikulipa mshahara, hasara itakata mshahara huo kwa kikomo kilekile.

*Na kodi ya jimbo je? Mimi niko Pensilvania.*
Kila jimbo lina sheria yake. Pensilvania haimruhusu mtu binafsi kuhamisha hasara kabisa, kwa hiyo faida ya 52,000 kule inatozwa kodi yote. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, hivyo suala hili halipo.