SOMO: Ankara imeandikwa "huduma mbalimbali", uipeleke akaunti gani?

Ankara ya fundi bomba kwa hoteli ndogo ya Moshi imeandikwa mstari mmoja tu: "Huduma mbalimbali, 1,450,000". Wengi wataitupa kwenye 6900 Gharama Nyinginezo na kuendelea. Tusifanye hivyo.

Hatua ya 1. Acha ankara kwanza, tafuta agizo la ununuzi. Kama halipo, mpigie aliyemwita fundi. Umuulize "alileta nini na alifanya nini?", maana ukimuuliza "ni gharama ya nini?" atakujibu "ya fundi" na utabaki palepale. Hapa meneja alijibu: pampu mpya ya kisima 900,000, kuifunga 250,000, na ufundi wa kuziba bomba la jikoni 300,000.

Hatua ya 2. Kwa kila kipande jiulize kama kitatumika zaidi ya mwaka mmoja. Pampu itatumika, kwa hiyo inaingia 1520 Mitambo. Gharama ya kuifunga inaifuata hukohuko, kwa sababu bila kufungwa haifanyi kazi. Jumla ni 1,150,000. Bomba la jikoni limerudishwa tu katika hali yake ya awali, basi 300,000 zinakwenda 6210 Matengenezo.

Hatua ya 3. Angalia kodi ya zuio. Kwa Tanzania, mtoa huduma mkazi hukatwa asilimia 5 ya malipo ya huduma. Huduma hapa ni 250,000 na 300,000, kwa hiyo zuio ni 27,500. Ukiliamini neno "huduma" lililoandikwa, utamkata 72,500, na fundi atakuja juu kwa haki.

Hatua ya 4. Mwombe fundi aandike ankara upya yenye mchanganuo. Maelezo ya meneja kwa simu hayatamtosha mkaguzi.

MASWALI

*Mwalimu, fundi hapatikani na mwezi unafungwa kesho. Nifanyeje?*
Iweke 1990 Akaunti ya Muda, andika jina la anayefuatilia na tarehe. Salio la akaunti hiyo likivuka miezi miwili bila maelezo, kuna mtu ameigeuza jalala.

*Mimi nimempangia kila muuzaji akaunti yake kwenye mfumo, inaokoa muda. Kuna ubaya?*
Dada, kwa umeme na maji haina shida. Kwa fundi au duka la vifaa ni hatari: mwezi huu kauza koki, mwezi ujao anauza pampu, na mfumo utaviweka pamoja kimyakimya. Utagundua pale Matengenezo yanaporuka ghafla huku rejista ya mali haina kitu kipya.

*"Mengineyo 12,000" chini ya ankara ya vifaa vya ofisi nayo niifuatilie?*
Hapana, iende na vifaa vya ofisi. Wekeni kwa maandishi kiwango ambacho chini yake ofisi yenu haifuatilii. Ila muuzaji yuleyule akiirudia kila mwezi, muulize ni ya nini. Mara nyingi ni usafiri.